Barua ya wazi kwa Kamishna wa Ardhi Msaidizi, Mkoa wa Mwanza

YAH: MIKATABA YA VIWANJA VYA "HATI BAADAYE"

Ndugu Kamishna,

Nilinunua kiwanja cha mita za mraba 400 upande wa Kisesa kutoka kwa kampuni inayouza viwanja. Bei ilikuwa 9,000 kwa mita, yaani milioni 3.6, na nililipa laki 3 kila mwezi kwa mwaka mzima. Nilipomaliza ndipo nikausoma mkataba kwa utulivu. Ulisema: "Kampuni itamsaidia mnunuzi kupata hati." Itamsaidia, si itampatia. Kwa neno hilo, hata ukielekezwa ofisi ilipo, umeshasaidiwa. Mimi ningechelewesha rejesho siku 30, kiwanja kingerudi kwao. Wao hawakuwekewa hata tarehe moja.

Hati nilisubiri wee, mwisho nikaamua kufuatilia mwenyewe halmashauri. Namba ya kiwanja niliyoandikiwa haikuwemo kwenye mchoro wowote wa mipango miji ulioidhinishwa. Kampuni ilikuwa imegawa shamba la mtu kwa futikamba, ikapanda bikoni za zege na kujipangia namba zake. Bikoni si upimaji. Mchoro ukishapitishwa na ramani ya upimaji ikasajiliwa, hapo ndipo namba ya kiwanja inakuwa namba kweli, na hati huombwa kwa namba hiyo. Wanaouziwa karibu na ziwa wana la ziada: Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na bikoni haikwambii hizo 60 zinaishia wapi.

Ninachoomba ni muundo wa mkataba utakaobandikwa kwenye ofisi za ardhi, ili mnunuzi aone kinachokosekana kwenye wake. Uwe na namba ya mchoro na ya ramani ya upimaji, au useme wazi kwamba bado havijapatikana. Utaje nani analipia ada za hati. Wangu ulinyamaza, na watu huja kudaiwa upya wakidhani walishamaliza.

Kubwa zaidi ni mpangilio wa malipo. Kipengele cha kurudishiwa fedha kina nguvu pale tu kampuni ikiwa bado ipo na ina hela. Fedha ambayo hujaitoa ndiyo dhamana yako. Kwa kiwanja changu, ningelipa asilimia 70, milioni 2.52, kisha milioni 1.08 ingebaki mkononi mwangu hadi hati itoke kwa jina langu, na mkataba useme kwamba kuizuia hiyo si kuchelewesha malipo.

Kampuni zitasema hazina amri juu ya kasi ya ofisi yako. Ni kweli. Basi zibanwe kwa lililo mikononi mwao: ombi la hati liwe limepokelewa ndani ya miezi 6, na mnunuzi apewe nakala yenye mhuri wa mapokezi. Likitoka hapo likakwama mezani, tutajua ni meza ya nani.

Wako,
Mnunuzi wa kiwanja, Kisesa