Kastadi yako yenye matundu

Zuhura mpenzi,

Salamu nyingi. Nilicheka niliposoma kwamba kastadi yako imetoka kama sponji iliyotota. Unisamehe, mimi mwenyewe niliwahi kuwawekea wageni ya namna hiyo mezani, nikasingizia oveni.

Umesema matundu yalikuwa ubavuni, na maji yamejikusanya chini ya kibakuli. Basi ilizidiwa moto. Vitundu vikiwa juu tu, hilo ni povu la kupiga mayai kwa nguvu. Vya ubavuni ni mvuke uliotoboa yai likiganda, na yai lililozidiwa hujikaza likajikamua maji.

Kastadi huganda kwenye nyuzi 80 na kidogo za selisiasi. Ikikaribia 90, imekatika. Nafasi yenyewe ni hiyo tu! Oveni ya nyuzi 160 ingeipita upesi, lakini maji yanayozunguka vibakuli hayapiti 100, ndiyo maana tunayaweka.

Mimi hutumia nusu lita ya maziwa, mayai 3 na kiini kimoja, na sukari gramu 75. Pasha maziwa yatoe mvuke, yasichemke. Koroga mayai na sukari polepole (hiyo mashine yako iache kabatini), mimina maziwa kidogo kidogo huku unakoroga, chuja, kisha acha dakika 10 na uengue povu lote kwa kijiko.

Sasa trei. Tandika kitambaa kilichokunjwa chini, vibakuli visigusane na bati la moto. Funika vibakuli kwa foili, ingiza trei kwenye oveni, halafu ndipo umimine maji ya moto mpaka nusu ya kimo cha vibakuli. Ukimimina baridi, utangoja mpaka uchoke. Ukiona maji ya trei yanatokota, ongeza kikombe cha maji ya baridi na upunguze moto. Maji yanayochemka kwa nguvu nayo huikata kastadi.

Dakika 30 zikipita, anza kutazama. Tikisa trei kidogo tu. Pembezoni pawe pametulia, na katikati, upana wa sarafu kubwa hivi, pacheze kama jeli. Pakienda mawimbi kama maziwa, bado. Pakiwa pametulia kote, umechelewa.

Na hapa ndipo nadhani ulipoteleza. Umeandika kwamba ulizima oveni ukaacha vibakuli ndani ya maji mpaka vikapoa. Maji yale bado ni ya moto, Zuhura, kwa hiyo kastadi iliendelea kuiva wakati wewe unaosha vyombo. Vitoe kwenye maji papo hapo, katikati pakiwa bado panacheza; joto lililobaki ndani litapamalizia.

Safari ijayo fanya hivi: kibakuli kimoja kiache ndani ya maji makusudi, vingine vitoe. Vikipoa, vikate vyote kwa kijiko, uniandikie ulichokiona.

Wako,
Mwanaidi