Salisiliki ya kunawa na salisiliki ya kubaki usoni: kwa nini asilimia 2 hazilingani

Mara nyingi mteja huweka chupa mbili juu ya kaunta yetu, moja ya sabuni ya maji ya uso na nyingine ya tona, zote zikiwa zimeandikwa asidi ya salisiliki asilimia 2, kisha akauliza kwa nini anunue zote, au kwa nini asichukue ile ya bei nafuu iwapo kipimo ni kilekile. Kipimo kilichoandikwa ni kilekile kweli, lakini kinachofika ndani ya ngozi hakilingani hata kidogo.

Asidi ya salisiliki huyeyuka vizuri zaidi katika mafuta kuliko katika maji, na hapo ndipo inapotofautiana na asidi nyingi za kusugulia ngozi. Kinyweleo cha ngozi ya mafuta kimejaa mafuta yaliyochanganyika na seli zilizokufa, na mchanganyiko huo ukiganda ndipo tunapoona vichwa vyeusi na vile vipele vidogo vya rangi ya ngozi ambavyo havina usaha. Asidi hii huingia humo na kulegeza seli zilizoshikana, hivyo uchafu hutoka polepole. Haizuii ngozi kutengeneza mafuta. Mtu anayetarajia uso usiometemete tangu asubuhi hadi jioni katika joto la Dar es Salaam atadhani ameuziwa maji, ilhali kazi ya dawa inaendelea ndani ya vinyweleo.

Sasa tupige hesabu. Nusu gramu ya bidhaa ya asilimia 2 ina miligramu 10 za asidi. Ikiwa ni sabuni, miligramu hizo huchanganywa na maji viganjani, hukaa usoni kwa nusu dakika hivi, kisha sehemu kubwa hushuka na povu. Ikiwa ni jeli ya asilimia 0.5, nusu gramu yake ina miligramu 2.5 tu, lakini hizo hubaki juu ya ngozi usiku kucha. Ndiyo maana jeli dhaifu inayobaki usoni huweza kufanya kazi zaidi kuliko sabuni kali inayosuuzwa, na ndiyo maana pia huweza kuunguza zaidi.

Lipo jambo la pili ambalo lebo nyingi hazilitaji, nalo ni pH, kipimo cha uasidi ambacho namba ikiwa ndogo, asidi huwa kali zaidi. Asidi hii hupenya ngozi ikiwa bado katika hali yake ya asidi. pH ikipanda, hugeuka chumvi, na chumvi hiyo hupenya kwa shida. Katika pH 3 karibu nusu ya asidi iko katika hali inayopenya, katika pH 4 hubaki chini kidogo ya sehemu moja ya kumi, na katika pH 5.5 hubaki chini ya nusu ya asilimia moja. Bidhaa nzuri za kubaki usoni hutengenezwa kati ya pH 3 na 4. Sabuni ya kawaida ya kipande ina pH ya 9 hadi 10, kwa hiyo kipande kinachojisifu kuwa na salisiliki husafisha kama sabuni nyingine yoyote, na pesa ya ziada unayolipa ni ya jina.

Hatusemi kwamba sabuni ya maji yenye salisiliki haina maana. Inamfaa mtu mwenye mafuta lakini mwenye vipele vichache, mtu ambaye ngozi yake huchubuka haraka, na mtu mwenye vipele vya mgongoni, mahali ambapo kupaka jeli kila usiku ni kazi na shuka hulowa. Ukiitumia, ipake na uiache dakika moja au mbili kabla ya kusuuza, isipokuwa lebo yake ikatae.

Tuliwahi kujifunza jambo hili kwa kosa letu wenyewe. Mteja mmoja, kijana anayekaanga chipsi kuanzia alasiri hadi usiku, alikuja na vichwa vyeusi puani na vipele vingi kwenye paji la uso. Tulimuuzia sabuni ya asilimia 2 pamoja na tona ya asilimia 2, naye, kwa kuwa mvuke wa mafuta ulimkera, akavitumia vyote asubuhi na usiku, tena baada ya kunawa kwa sabuni ya kufulia. Siku ya tisa alirudi ngozi ikimbanduka pembeni mwa pua na mdomo, akihisi moto hata kwa maji matupu. Pale palipobanduka pakabaki madoa meusi, kwa sababu ngozi nyeusi ikichubuliwa huacha alama ambayo hukaa miezi mingi kuliko chunusi yenyewe.

Tulimsimamisha kila kitu kwa wiki mbili, akabaki na sabuni laini isiyo na asidi, losheni nyepesi na losheni ya kukinga jua mchana. Ngozi ilipotulia alianza jeli ya asilimia 0.5 usiku mmoja kati ya siku tatu, kiasi cha punje ya mbaazi kwa uso mzima, juu ya ngozi iliyokauka kabisa baada ya kunawa. Baada ya wiki tatu bila kuwashwa alihamia usiku mmoja kati ya siku mbili. Vichwa vyeusi vilianza kupungua wiki ya saba, nao ndio muda tunaomwambia kila mtu: wiki sita hadi nane, si siku tano.

Kwa hiyo, anayeanza achague chanzo kimoja tu cha salisiliki, na kama ni cha kubaki usoni, aanze na asilimia 0.5 au 1. Asilimia 2 ni ya yule ambaye ngozi yake imekwisha kuizoea. Kwa ngozi ya mafuta jeli na tona hufaa kuliko krimu nzito, ila tona nyingi zina spiriti, kwa kuwa asidi hii haiyeyuki vizuri katika maji matupu. Spiriti hukausha na kuchoma, hasa baada ya kunyoa. Vilevile hupaa kifuniko kikiachwa wazi, na hapo tona hubaki kali kuliko ilivyoandikwa. Ukiona chembe nyeupe zimeganda mdomoni mwa chupa, usiipake usoni.

Wapo wanaotuletea marhamu ya Whitfield kutoka duka la dawa wakisema nayo ina salisiliki. Ni kweli, ina asilimia 3 pamoja na asidi ya benzoiki asilimia 6, lakini ni dawa ya fangasi iliyochanganywa katika mafuta mazito, na kuipaka kwenye uso wenye chunusi ni kuziba vinyweleo na kuchoma ngozi kwa wakati mmoja. Vipimo vya asilimia 20 na 30 ni vya kliniki chini ya macho ya daktari wa ngozi, na sisi hatuviuzi.

Hatumuuzii pia mtu anayedhurika na aspirini, na mjamzito tunamwomba kwanza aongee na mhudumu wake wa afya. Aliyekuwa akitumia mkorogo tunamwelekeza kliniki kabla ya yote, kwani ngozi iliyokondeshwa na krimu za steroidi haihimili hata asilimia 0.5. Chunusi kubwa zenye maumivu, zilizo ndani sana, nazo si kazi ya salisiliki.

Ukija dukani, njoo na kila unachopaka sasa hivi, pamoja na sabuni unayonawia, ili tusome lebo pamoja kabla hujanunua chochote.