Mhuri wa chini ya kikombe unasema nini, na hausemi nini

Wateja wengi wanaotuletea vyombo vya bibi zao dukani kwetu Mji Mkongwe, Unguja, hugeuza kikombe, hutuonyesha maandishi ya kitakoni na kuuliza: "Hiki cha mwaka gani, na kitaniletea shilingi ngapi?" Mhuri husaidia sana, lakini mara nyingi hautaji mwaka wa kutengenezwa. Hutaja mwaka ambao chombo hakiwezi kuwa kimetengenezwa kabla yake, na ukibahatika hukupa na mwaka wa mwisho.

Chukua mfano wa vikombe vya Noritake, vya Japani. Tunaletewa kikombe chenye taji la majani, ndani yake herufi M, chini yake "Noritake", na chini kabisa "Made in Japan". Hiyo M ni ya Morimura, jina la wafanyabiashara walioanzisha kiwanda mwaka 1904, pale Noritake karibu na Nagoya. Kuanzia 1953 herufi iliyo ndani ya taji ikawa N. Kwa hiyo kikombe chenye M kwa kawaida ni cha kabla ya hapo.

Sasa soma jina la nchi. Sheria ya forodha ya Marekani iliyoanza kazi 1891 ilitaka bidhaa zinazoingia huko ziandikwe zilikotoka. Wajapani waliandika "Nippon", mpaka 1921 Wamarekani walipotaka liandikwe "Japan". Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, nchi ilipokuwa chini ya majeshi ya Marekani mpaka 1952, vyombo vingi viliandikwa "Occupied Japan". Kikombe chetu kina "Made in Japan" na M, basi tunakiweka baina ya 1921 na mwanzo wa miaka ya 1950, na uzito wa dhana uko kabla ya vita.

Hapa kwetu kuna tahadhari moja. Sheria ile ilihusu mizigo ya Marekani. Vyombo vingi vilivyofika pwani yetu havikupitia huko, kwa hiyo kikombe kisicho na jina la nchi si lazima kiwe cha kabla ya 1891. Muuzaji akikuambia ni cha kabla ya hapo, mwambie akuonyeshe ushahidi mwingine.

Mhuri pia huigizwa. "Nippon" ndio unaoigwa sana, kwa kuwa wakusanyaji huutafuta. Katika baadhi ya vyombo bandia, ndani ya taji hakuna M bali umbo kama la saa ya mchanga. Ndiyo maana tunatazama mhuri kwa lenzi. Halafu tunakipima chombo chenyewe mkononi: kaure ya zamani ya Noritake ni nyembamba na laini, wakati bandia nyingi ni nzito, kingo zake nene, na maua yamepakwa harakaharaka.

Kabla ya yote hayo, hakikisha kweli ni kaure. Weka tochi ya simu nyuma ya kikombe ndani ya chumba chenye giza, upitishe vidole katikati. Kwenye kaure nyembamba utaona kivuli cha vidole. Sahani za maua zilizojaa kwenye zidaka za pwani, zenye mhuri wa sfinksi, yaani simba mwenye kichwa cha mtu, na jina la Petrus Regout wa Maastricht, Uholanzi, hazipitishi nuru. Ni udongo mweupe uliopakwa tabaka la kioo. Zina wapenzi wao, na sisi ni miongoni mwao, lakini usinunue kwa bei ya kaure. Wala usidhani jina la Regout linamaliza swali la umri: kampuni ilibadili jina kuwa De Sphinx mwaka 1899, na jina la Regout likaendelea kuonekana kwenye mihuri.

Kuhusu thamani, umri pekee hauamui. Kikombe kimoja cha Noritake cha miaka ya 1930 kisicho na kisahani chake huuzika kwa shida, ilhali seti kamili yenye birika, dhahabu ya ukingoni ikiwa haijafutika, hupata mnunuzi haraka. Kigonge taratibu kwa ukucha: kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti ya kukatika. Na ukitafuta bei mtandaoni, tazama zile ambazo vyombo viliuzwa kweli mnadani. Bei anayoitaka mwenye mali hata mimi naweza kuiandika.

Tutumie picha tatu zilizopigwa mchana bila mwako wa kamera: mhuri kwa karibu, chombo kizima, na ukingo. Tafadhali usikisugue kwanza kwa steelwool wala kukiloweka kwenye jiki. Dhahabu hutoka, na ikitoka hairudi.