Wakala aikana tarehe ya notisi yangu, dipoziti nitaipataje?

Ndugu Mshauri,

Nimepanga nyumba ya vyumba viwili Kisauni, Mombasa. Mkataba ni wa mwaka mmoja, ulianza tarehe 1 Novemba mwaka jana na unamalizika tarehe 31 mwezi huu wa Oktoba. Kodi ni Sh18,000 kwa mwezi, na nilipoingia niliweka dipoziti ya kiasi hicho hicho, pamoja na Sh2,000 za maji. Sijagombana na mtu. Nahama kwa sababu kazi imenipeleka Voi, basi.

Mkataba una kifungu kinachosema anayehama atoe notisi ya maandishi ya mwezi mzima wa kalenda. Yaani ukitaka kutoka mwisho wa Oktoba, barua iwe imefika kabla Oktoba haijaanza. Hilo nililijua, ndiyo maana tarehe 28 Septemba niliandika hivi:

"Kwa wakala wa nyumba. Mimi mpangaji wa nyumba namba B6 natoa notisi kwamba sitauendeleza mkataba wangu unaomalizika tarehe 31 Oktoba. Nitakabidhi nyumba na funguo siku hiyo saa nne asubuhi. Naomba tuikague nyumba pamoja tarehe 29 na tusome mita ya maji. Dipoziti ya Sh18,000 na Sh2,000 za maji naomba nirudishiwe kwa M-Pesa, kwenye namba ninayolipia kodi, kabla ya tarehe 14 Novemba. Kama kuna kitakachokatwa, nipewe orodha na risiti."

Nilichapisha nakala mbili. Kesho yake nikaenda ofisini, nikamkuta karani peke yake. Nakala moja akaipokea, lakini ile yangu akakataa kuitia sahihi wala muhuri, eti mwenye muhuri amesafiri. Nikaipiga picha barua ikiwa juu ya meza yake, kando ya kitabu cha risiti, nikamtumia wakala mwenyewe kwa Watsapu saa hiyo hiyo. Alama mbili zikageuka buluu. Hakujibu neno.

Jana, tarehe 3 Oktoba, ndipo nikaitwa. Barua imepigwa muhuri wa jana hiyo hiyo! Wakala anasema notisi imechelewa, itahesabiwa kuanzia tarehe 1 Novemba, kwa hivyo nilipe kodi ya Novemba, nikae nisikae. Dipoziti nayo itatoka nyumba ikipata mpangaji mwingine, tena baada ya kukatwa Sh9,000 za rangi.

Hiyo rangi ndiyo inayoniuma. Ukuta wa chumba cha kulala una doa la maji kubwa kama sinia, lenye ukingo wa manjano, na rangi yake hubanduka ukiigusa kwa kidole. Maji yanatoka bafu la nyumba ya juu. Nilipohamia lilikuwa kama kisahani, na linaonekana kwenye video aliyoichukua dada yangu nyumba ikiwa tupu. Mwezi wa Mei nilimwandikia wakala, fundi akaja, akatazama, akaenda zake. Langu mimi ni matundu manne ya skurubu za televisheni sebuleni, na hayo nitayaziba na kuyapaka rangi mwenyewe.

Majirani wananicheka. Mtindo wa ploti hii ni mmoja: mwezi wa mwisho hulipi, dipoziti inakuwa ndiyo kodi, mnaachana. Kodi ya Oktoba mwisho ni kesho, na pesa ninazo mkononi. Nashawishika, nisiseme uongo. Lakini mkataba unasema wazi kwamba dipoziti haitumiki kulipia kodi, nami naogopa nisije nikawa mimi niliyevunja mkataba, halafu nikute kufuli mlangoni na vyombo vyangu viko ndani.

Binamu yangu, karani wa mawakili, anasema mkataba wenye tarehe ya mwisho humalizika wenyewe tarehe hiyo ikifika, na kubwa ni kwamba asubuhi ya tarehe 1 Novemba nisikutwe ndani, mimi wala godoro langu. Mahakama ya kodi za nyumba hainihusu, kwa kuwa sheria yake inashughulikia nyumba za kodi isiyozidi Sh2,500. Anataka niende mahakama ya madai madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, si lazima uwe na wakili, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60.

Kwako wewe, picha ile na alama za buluu zinatosha kuushinda muhuri wa tarehe 3? Nilipe Oktoba nibaki msafi, au niwafuate majirani? Na jambo moja linaninyima usingizi: wakala asipotokea tarehe 31, funguo nimkabidhi nani? Nikiondoka nazo, atasema bado naishi humo. Nikimwachia yule karani, najua hatatia sahihi.

Mpangaji wa B6,
Kisauni