Kashfa za mtandaoni: msiwatume watu polisi, waambieni wahesabu miezi

Mhariri,

Wiki jana, katika safu yenu ya maswali ya wasomaji, mama mwenye kibanda cha chakula aliuliza afanye nini baada ya mtu kuandika Facebook kwamba chakula chake kinaumiza watu matumbo. Mkamjibu aende polisi akapige ripoti. Mimi ni wakili hapa Mombasa, na jibu hilo nimeshaliona likimpotezea mtu haki yake.

Mtu huyo ni mwenye bucha. Asubuhi moja kwenye kundi la Facebook la mtaa wao palitokea posti isiyotaja jina: "Nyama ya pale kona ya msikiti ni ya punda, nimeona kwato kwa macho yangu." Bucha pale konani ni moja tu. Posti ilifutwa siku ya pili, lakini ilikuwa imeshatembea kwenye simu za mtaa mzima. Mzee akaenda kituoni, akaandikiwa namba ya OB, akaambiwa asubiri uchunguzi. Akasubiri. Aliponijia ilikuwa imepita miezi kumi na minne.

Kuchafuliana jina kulikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu. Februari 6, 2017, Jaji Mativo wa Mahakama Kuu alikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba. Zipo sheria za makosa ya mitandao, lakini ripoti ya polisi haisimamishi muda wa kesi ya madai. Na muda huo ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Mkataba ukivunjwa una miaka sita ya kushtaki, ukigongwa na gari una mitatu, lakini ukikashifiwa una miezi 12 tu. Mzee wangu alikuwa amechelewa kwa miwili.

Inaniuma zaidi kwa sababu kesi yake ilikuwa nzuri. Si kila neno baya juu ya biashara linalozaa fidia, na wengi wanaokuja ofisini kwangu huwarudisha. Kama yule jirani angeandika "nyama ya pale ni ngumu kama soli ya kiatu, sirudi tena," mzee angemeza tu. Hayo ni maoni ya mteja. Sharti ni kwamba yasimame juu ya jambo la kweli: awe kweli alinunua hiyo nyama, akaipika, ikamshinda. Asiyewahi kukanyaga dukani hana maoni ya kulindwa.

Kuna hatua ya katikati ambayo hata mawakili huikanyaga vibaya. Ukisema "nyama aliyouza Jumamosi ilikuwa imeoza," na si kweli, huenda umeisema vibaya nyama bila kumgusa muuzaji. Friji huzimika umeme ukikatika, na si lazima awe mtu mbaya. Hapo njia iliyobaki mara nyingi ni ya uongo wenye nia mbaya, na mwenye duka lazima athibitishe kwamba aliyeandika alijua ni uongo au hakujali kama ni kweli. Ni mzigo mzito. Lakini ukisema mtu anauza punda huku kibao chake kimeandikwa ng'ombe, umemwita tapeli. Hiyo ni kashfa yenyewe, na nia ya mwandishi haiulizwi tena. "Sikujua," "nilidhani," "nimeituma kama nilivyoipokea," hakuna hata moja inayomtoa. Kuomba radhi mapema kunaweza kupunguza fidia. Dai lenyewe halifuti.

Pia si mzee aliyetakiwa kuthibitisha kwamba hauzi punda. Anayetaka kujitetea kwamba alisema kweli ndiye mwenye kuleta kwato hizo mahakamani. Mzee alikuwa na mhuri wa mkaguzi wa nyama kwenye kila paja alilolitundika, ule wa zambarau ambao wateja huudhani uchafu wakaomba ukatwe, na risiti za machinjio za mwezi mzima.

Kutotajwa jina nako hakumwokoi mwandishi, maadamu wasomaji wanajua anasemwa nani. Hata swali linaweza kuwa kashfa. Uingereza, mwaka 2013, mke wa Spika wa Bunge la huko, Sally Bercow, alishindwa mahakamani kwa sababu ya twiti aliyouliza tu kwa nini mwanasiasa Lodi McAlpine anazungumziwa sana, akaongeza maneno ya kujifanya hajui kitu. Wakati huo Waingereza walikuwa wakimtafuta mwanasiasa aliyedaiwa kunajisi watoto, na Jaji akasema msomaji wa kawaida angeelewa anayekusudiwa. Sasa fikirieni zile posti zetu za "hivi wale punda wa mtaani walienda wapi jamani?" zenye kijiuso cha kufikiri mwishoni.

Basi yule mama wa kibanda, kama bado yumo ndani ya miezi 12, afanye hivi. Apige skrinshoti inayoonyesha tarehe, jina la akaunti na kiungo cha posti, kabla haijafutwa. Simu iliyopiga picha hiyo aitunze, maana Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti cha kueleza picha ilitolewa kwenye kifaa gani na kwa njia gani, na wengi hukikumbuka cheti hicho siku ya kusikilizwa. Maneno ayanakili kama yalivyo, kwa Kiswahili chake na makosa yake ya herufi. Hati ya madai hubeba maneno yenyewe pamoja na tafsiri, na muhtasari hautoshi.

Halafu atafute majirani wawili watatu walioisoma na wakaacha kula kwake, wakubali kuja kusema hivyo. Kesi nyingi huangukia hapa. Mdai husimama akaeleza alivyoumia moyo, na Jaji anachotaka kusikia ni alivyoshuka machoni pa wengine. Kuhusu hasara, aombe taarifa ya namba yake ya Lipa na M-Pesa, miezi mitatu kabla ya posti na mitatu baada. Ile ya mzee niliiona: siku ya posti mauzo ni ya kawaida, kesho yake nusu, na wiki nzima iliyofuata karibu hakuna kitu hadi jioni. Na kama kibanda chake kimesajiliwa kama kampuni, ajue kampuni haina moyo wa kuumia. Hulipwa kwa jina lake la kibiashara na mfuko wake tu. Kama ni jina la biashara tupu, ashtaki kwa jina lake mwenyewe.

Asipeleke kesi hiyo Mahakama ya Madai Madogo. Ni ya haraka na nafuu, lakini sheria yake imeyatoa madai ya kashfa waziwazi. Aende kwa Hakimu.

Naomba safu yenu irekebishe jibu lile wiki hii, si mwezi ujao. Mama hakusema posti ilitoka lini.

Wakili, Mombasa