Daraja letu lilianza kuanguka miezi mitano kabla ya mafuriko

Mhariri,

Miaka kumi na tisa nimenunua gazeti lako bila kukuandikia hata mstari. Leo naandika kwa sababu ya ile taarifa yenu ya daraja letu la waendao kwa miguu, mliyosema limesombwa na mafuriko na kwamba wakazi walivuka kwa ukaidi. Ukaidi gani? Kliniki iko ng'ambo, na barabara ya kuzunguka ni mwendo wa nusu siku.

Mimi ni fundi wa vyuma. Daraja lile lilining'inia kwa nyaya mbili nene, na ncha zake zilifungwa kwenye bonge la zege lililozikwa ukingoni. Pale mto unapinda, maji hula ukingo wa nje kutoka chini. Baada ya mvua za vuli niliona ufa ardhini nyuma ya bonge, unaingia kiganja kizima. Waya wa upande ule ulikuwa umelegea na mbao zimeinamia mtoni. Mzee wa kijiji nami tukapeleka barua katika ofisi inayohusika, ikapigwa muhuri, nakala ninayo. Baada ya mwezi tukapeleka ya pili. Akaja kijana mmoja, akapiga picha, akaenda zake. Masika yalipofika, magogo yalinasa kwenye mbao, maji yakayasukuma, na bonge likang'oka kama jino bovu likiwa na watu tisa juu ya daraja.

Mmeandika "waokoaji walifika". Walifika saa kumi jioni. Watu walianguka saa tatu asubuhi! Walioingia majini ni vijana wetu, viunoni wamefungwa kamba za ng'ombe zilizozungushwa kwenye shina la mkuyu, na mitungi mitupu ya lita ishirini imefungwa vifuniko iwe maboya. Wavuvi ndio waliotukataza kurundikana darajani, wakatupeleka kwenye kona ya chini ambako mkondo hutupa kila kitu ukingoni. Wanane tuliwatoa hapo. Wa tisa, mama aliyekuwa akienda kliniki, tulimzika Ijumaa. Hamkuuliza hata mmoja wetu.

Sasa wameleta bango la "Hatari". Juni 15, 2025, kule Kundmala karibu na Pune, India, daraja kuukuu la chuma liliporomoka kwenye mto Indrayani likiwa na watu, wanne wakafa, ingawa maonyo yalikuwa yamewekwa. Bango halimvushi mgonjwa.

Kabla daraja jipya halijafunguliwa, bonge lizikwe mbali na kona ya mto. Nguzo ipakwe mstari mwekundu, na maji yakiufikia, mzee wa kijiji afunge mnyororo na serikali ilete boti ya kuvusha wagonjwa. Kila mwezi fundi apite na spana kukaza klipu za nyaya na kukagua ardhi nyuma ya bonge. Nawe, mhariri, chapisha tarehe ya muhuri kwenye barua yetu ya kwanza. Nakala nimeiambatisha.

Fundi wa vyuma, ng'ambo ya mto