Umemaliza chuo Julai, mahafali ni Novemba: wasifu uurekebishe lini na mwajiri umwandikie lini?

Kila mwaka, kuanzia wiki ya pili ya Julai, ofisi yetu hupokea wahitimu waliomaliza mitihani ya mwisho siku chache zilizopita, na wengi wao huja na ombi moja. Wanataka tuwaandikie wasifu, tuwapangie ukurasa wa LinkedIn, kisha waanze kutuma maombi juma hilo hilo, kwa kuwa wamesikia kwamba mwaka mpya wa fedha wa Serikali umeanza na nafasi zitatangazwa wakati wowote. Tunaelewa haraka hiyo, hasa kwa kijana ambaye nyumbani wanamsubiri aanze kusaidia ada za wadogo zake. Hata hivyo, Julai ni mwezi ambao juhudi nyingi hupotea bure, na makala hii inaeleza sababu zake kwa kutumia mfano wa wahitimu wa uhasibu, ambao ndio tunaowahudumia zaidi.

Mwaka wa fedha wa Serikali ya Tanzania huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30, kama ilivyo kwa Kenya na Uganda. Fedha za mishahara ya watumishi wapya huwa zimeombwa miezi mingi kabla ya hapo, taasisi inapoandaa ikama yake, yaani hesabu ya nafasi inazohitaji, zilizojazwa na zilizo wazi. Bunge likishapitisha bajeti mwezi Juni, bado taasisi haiwezi kuajiri kwa ikama peke yake. Inahitaji kibali cha ajira kutoka Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, na ni baada ya kibali hicho ndipo tangazo hutoka. Vibali havitoki vyote kwa siku moja. Mwaka 2023, kwa mfano, TAMISEMI ilifungua maombi ya walimu na kada za afya mwezi Aprili, wakati mwaka wa fedha wa 2022/2023 ulikuwa umebakiza chini ya miezi mitatu. Anayedhani dirisha la ajira za Serikali hufunguka Julai na kufungwa Agosti atakuwa amechoka na kukata tamaa kabla tangazo linalomhusu halijatoka.

Tatizo la pili ni vyeti. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma husema bila kuficha kwamba matokeo ya muda, taarifa za matokeo na karatasi za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliki, na kwamba nakala za vyeti ziwe zimethibitishwa na mwanasheria au wakili. Mhitimu wa Julai hana cheti. Matokeo yake hayajapita Seneti ya chuo, na vyuo vikuu vingi hufanya mahafali kati ya Oktoba na Desemba. Akipakia matokeo ya muda kwenye Ajira Portal kwa matumaini kwamba yatafumbiwa macho, ombi lake litaondolewa kwenye mchujo hata kama alama zake ni za juu kabisa.

Kwa hiyo, mtu afanye nini kuanzia Julai hadi Novemba? Kwa upande wa Serikali, huu ndio wakati wa kusafisha kumbukumbu, kazi ambayo haivutii lakini huokoa mwaka mzima. Kujisajili kwenye Ajira Portal kunahitaji namba ya NIDA, na majina yaliyo NIDA yanapaswa kulingana na yale ya cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule. Tumeona vijana ambao cheti cha kidato cha nne kina majina mawili na NIDA ina matatu, au jina la babu limeandikwa kwa herufi tofauti, na wakaligundua jambo hilo siku ya tatu ya tangazo la wiki mbili. Hati ya kiapo ya majina hupatikana kwa wakili, ila marekebisho ya NIDA au ya cheti cha kuzaliwa hayana haraka ya tangazo la kazi. Ukiweka karatasi zako zote mezani mwezi Julai na kuzisoma jina kwa jina, utakuwa na miezi minne ya kurekebisha.

Sekta binafsi ina kalenda nyingine, na hapa ndipo mhitimu wa uhasibu anaweza kunufaika na miezi hiyo ya kusubiri. Kampuni nyingi hufunga hesabu Desemba 31. Wakuu wa idara huandika bajeti ya mwaka unaofuata kati ya Septemba na Novemba, na nafasi mpya ya mhasibu msaidizi huzaliwa humo, katika mstari mmoja wa bajeti ambao mkuu wa fedha anapaswa kuutetea mbele ya wakurugenzi. Ukimwandikia wakati anaupanga mstari huo, anakusoma akiwa na hitaji kichwani. Ukimwandikia baada ya tangazo la Januari, unasomwa pamoja na mamia ya wengine.

Ofisi za ukaguzi wa hesabu zina msimu ulio wazi zaidi. Wateja wao wanaofunga hesabu Desemba 31 huhesabu bidhaa ghalani siku hizo hizo za mwisho wa mwaka, na mkaguzi anatakiwa kuwa na watu wa kushuhudia hesabu hiyo. Kuanzia Januari hadi karibu na Juni 30, siku ya mwisho ya kampuni hizo kuwasilisha ritani ya kodi ya mapato, ofisi hizo hazina pumzi. Vijana wapya wanahitajika kabla ya Krismasi, jambo ambalo lina maana kwamba mazungumzo yanatakiwa yaanze Septemba.

Mwaka jana tulimhudumia dada mmoja aliyemaliza shahada ya uhasibu mwezi Julai, na tulimwomba akubali kuifanya kazi hii kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza ilikuwa Agosti. Hatukuandika kwamba ana shahada, kwa sababu alikuwa hajatunukiwa; tuliandika "Shahada ya Uhasibu: mitihani imekamilika Julai, mahafali Novemba." Sentensi hiyo humwambia mwajiri ukweli na humjulisha lini cheti kitapatikana. Katika mafunzo kwa vitendo, wasifu wake wa zamani ulikuwa na maneno "nilisaidia idara ya fedha," maneno ambayo kila mwanafunzi huandika. Tulipomhoji, ilibainika kwamba kwa wiki nane alikuwa akilinganisha daftari la benki na taarifa za benki za matawi matatu, na kwamba aliwahi kugundua hundi iliyoandikwa mara mbili kwenye daftari. Hayo ndiyo tuliyoandika, pamoja na kwamba alitumia Tally na kupanga risiti za EFD kwa ajili ya ritani za VAT.

Kwenye LinkedIn tulifanya marekebisho hayo yote huku kitufe cha `Notify network` kikiwa kimezimwa. Watu wengi hukiacha kimewashwa wanaporekebisha nukta na herufi, kisha siku wanapokuwa na habari yenyewe, wenzao wamekwisha zoea kuzipita taarifa zao.

Wiki ya pili ya Septemba alianza kuwaandikia watu. Hapa kuna kalenda ndogo ndani ya kalenda kubwa, na mtu wa uhasibu hana udhuru wa kutoijua. Kodi ya mishahara, ile tunayoiita PAYE, hulipwa kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata kupita, na ritani ya VAT huwasilishwa kufikia tarehe 20. Mwisho wa mwezi kuna mishahara yenyewe. Mkuu wa fedha ana nafasi ya kusoma barua ya mtu asiyemjua kati ya tarehe 8 na 16 hivi, na ndani ya siku hizo ndipo dada yetu aliandika barua sita, mbili kwa siku, kila moja ikiwa na jina la mpokeaji. Moja ilikwenda kwa mhitimu wa chuo chake aliyemtangulia kwa miaka mitano:

"Habari za kazi, Dada. Nimemaliza shahada ya uhasibu katika chuo ulichosoma na ninatarajia kutunukiwa Novemba. Katika mafunzo kwa vitendo nililinganisha hesabu za benki za matawi matatu kwa wiki nane. Naelewa kwamba ofisi yenu hushuhudia kuhesabiwa kwa bidhaa za wateja mwisho wa Desemba. Kama mtahitaji wasaidizi kipindi hicho, ningeomba kujua maombi hupokelewa lini na na nani. Natanguliza shukrani."

Barua hiyo haiombi kazi. Inaomba tarehe na jina la mtu, mambo ambayo mpokeaji anaweza kuyajibu kwa mstari mmoja. Wawili kati ya sita walijibu. Mmoja alisema hawaajiri mwaka huo. Dada huyo aliyeandikiwa barua hapo juu alimwelekeza kwa meneja wa rasilimali watu na kumwambia arudi Novemba.

Awamu ya pili ilifanyika baada ya mahafali. Tulibadilisha mstari wa elimu, safari hii kitufe kikiwa kimewashwa, na siku mbili baadaye akamwandikia meneja akitaja maelekezo aliyopewa Septemba na kueleza kwamba nakala za vyeti zilizothibitishwa zipo tayari. Alipewa mkataba wa miezi mitano kuanzia katikati ya Desemba. Juma lile lile alikamilisha taarifa zake kwenye Ajira Portal, akapakia cheti, na sasa kila tangazo linalomfaa linamkuta yuko tayari.

Mpangilio huu una mipaka yake. Hauhusu taasisi za umma zenyewe kwa upande wa kuwaandikia wahasibu wake, kwa kuwa zinafunga hesabu Juni 30 na zinatakiwa kuziwasilisha kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ndani ya miezi mitatu. Kuanzia Julai hadi Septemba mhasibu mkuu wa taasisi ya umma ndiye mtu asiyepaswa kusumbuliwa kuliko wote. Miradi ya wafadhili nayo hufuata mwaka wa mfadhili, na ule wa Serikali ya Marekani huanza Oktoba 1. Lakini tangu mingi ya miradi hiyo iliposimamishwa mwaka 2025, hatumshauri mhitimu yeyote kuijenga mipango yake juu ya kalenda hiyo. Vilevile kuna nafasi zinazotokea kwa sababu mtu ameacha kazi ghafla, nazo hazina msimu wowote. Kwa hizo, wasifu wa awamu ya kwanza unatosha kutumwa mara moja.

Mhitimu wa uhasibu anayetaka huduma hii aje kati ya mwisho wa Julai na mwisho wa Agosti, akiwa na cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, vyeti vya sekondari na daftari lake la mafunzo kwa vitendo. Daftari hilo tafadhali lisisahauliwe, hata kama kurasa zake zimechakaa, kwa sababu wiki zile nane za matawi matatu tulizipata humo.